Kamera, Breki na Dumu la Mawese

Mawese hayatoki kwenye suruali ya kaki. Hilo limethibitishwa Jumamosi iliyopita katika njiapanda ya Kidahwe, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza, mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda na mama mmoja aliyekuwa amepanga madumu yake ya lita 20 kivulini. Mwandishi wa safu hii alikuwa akirudisha nyuma Probox yake. Alikuwa na kamera. Hapo ndipo panapouma.

Asingekuwa na kamera angegeuza shingo kama binadamu wengine. Lakini kamera aliifunga mwenyewe juzi yake, akisaidiwa na mpwa wake, kwa hiyo shingo ikabaki mbele kwa heshima. Alikanyaga breki, akaweka rivasi, na skrini ndogo juu ya dashibodi ikawaka: madumu yale, yamejipanga vizuri, umbali wa mita mbili hivi. Akaachia breki ili gari lianze kurudi. Skrini ikazimika. Akakanyaga breki, ikawaka, na madumu yamesogea. Akaachia; giza. Akaenda hivyo hivyo, kanyaga, achia, kanyaga, achia, kama mtu anayechungulia harusi kupitia pazia la mlangoni, na kila pazia lilipofunguka dumu la mwisho lilikuwa limenenepa zaidi. Mara ya mwisho lilijaa skrini nzima.

Kifuniko kiliruka. Mwandishi alishuka mbio kuliinua dumu, na suruali ikapata fungu lake.

"Baba," mama alimuuliza taratibu, "na hiyo televisheni ulikuwa unaangalia nini?"

Swali la haki. Jibu lake limo ndani ya taa ya nyuma.

Mpango wa kuchukua umeme wa kamera kwenye taa ya rivasi ni mzuri kiasi kwamba mtu hujiuliza aliyeubuni alikuwa amekaa wapi. Ubavuni mwa giaboksi kuna swichi. Kwenye gari la gia za mkono ni kitufe kinachobonyezwa na mtambo wa gia pale unapoingiza rivasi. Kwenye otomatiki ni ile ile swichi inayokataza gari kuwaka likiwa nje ya P au N. Umeme hutoka kwenye fyuzi ukishafungua ufunguo, ukafika kwenye swichi hiyo, ukasubiri. Ukiweka R, swichi inaufungulia njia, unakwenda nyuma hadi kwenye balbu. Basi ukiunga waya mwekundu wa kamera kwenye waya wa moto wa balbu hiyo, na mweusi kwenye bodi, kamera itaamka gari likitaka kurudi na kulala likitaka kwenda. Huhitaji swichi nyingine.

Wala balbu haionei wivu. Ya rivasi kwa kawaida ni ya wati 21, yaani inakunywa karibu ampea mbili kasoro robo. Kamera ndogo haifiki wati mbili, na skrini ya nchi nne na ushee huongeza chache tu.

Picha nayo husafiri kwa kebo yenye kichwa cha njano, kutoka nyuma hadi dashibodi, na ubavuni mwa kebo hiyo umebandikwa waya mwembamba mwekundu ambao wengi huukata wakidhani ni wa ziada. Kumbe ndiye mjumbe. Anaungwa nyuma pamoja na mwekundu wa kamera, na mbele anaipelekea skrini habari kwamba rivasi imeingia. Kwenye redio kubwa yenye skrini, mjumbe huishia kwenye waya ulioandikwa BACK au REVERSE, na redio yenyewe inakula umeme wake kwingine. Skrini ndogo ya mwandishi haina redio. Yeye aliiungia umeme wake wote kwa mjumbe huyo huyo. Mjumbe akipata, skrini inaishi. Akikosa, inakufa.

Na mjumbe alikuwa ametumwa na taa isiyo yake.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya taa ya Probox, ukishafungua bolti kwa spana namba 10, unakuta nyaya kadhaa zinazoelekea soketi za balbu, na hakuna hata mmoja ulioandikwa jina. Mwandishi alikaa kwenye usukani, mpwa akashika testa nyuma. "Weka rivasi, mjomba!" Sasa, otomatiki haikuruhusu kutoa gia kwenye P bila kukanyaga breki, kuna kufuli ndani kwa ajili ya usalama. Mwandishi akakanyaga, akaweka R, na mguu ukabaki pale pale. Mpwa akachoma waya wa kwanza, testa ikawaka. "Imewaka, mjomba!" Walishangilia. Wakaunga, wakafunga tepu, wakanywa chai.

Walichokiunga ni waya wa taa ya breki.

Dawa ni ya dakika mbili. Weka vigingi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, zima taa zote za nje, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Ingiza R, kisha toa mguu kwenye breki. Waya utakaobaki na moto ndio wa rivasi. Halafu rudisha P na ukanyage breki: waya ule ule lazima ufe. Ukiwaka, rudi ulikotoka.

Dalili zilikuwapo tangu siku ya kwanza, mwandishi anakiri. Kwenye mteremko wa kuingia mjini Kigoma, kila alipogusa breki alioneshwa uso wa bodaboda aliyekuwa akimfuata. Alidhani ni ufundi mpya.

Sasa kicheko kando kidogo. Kifurushi kile cha kamera kilikuja na kikaratasi cha Kichina na Kiingereza, chenye mchoro wa balbu na mshale. Hakisemi neno kuhusu mguu wa breki, ilhali magari mengi yanayoingia nchini ni otomatiki zilizotumika Japani. Kifurushi chenyewe hakikuja na fyuzi pia. Kwenye Toyota nyingi za zamani taa ya rivasi inashiriki fyuzi moja na geji za dashibodi. Waya ule mwembamba ukichubuka mlangoni kwa nyuma na kugusa bodi, spidi, mafuta na joto la injini vyote vinalala pamoja. Fyuzi ya ampea moja karibu na maungio ingemaliza kesi. Muuzaji anasema fundi yeyote anajua. Fundi anasema kamera si ya kwake. Na kati yao wawili wapo watoto wanaocheza nyuma ya magari, na dereva aliyeambiwa kwamba hahitaji tena kugeuza shingo. Lingeweza kuwa si dumu. Mwandishi hajaweza kulifanyia mzaha hilo.

Jumapili waya ulihamishwa, na fyuzi ikawekwa. Jumatatu kamera iligundulika kuwa imefungwa juu chini. Jumanne mpwa alikata kile kitanzi kidogo cha waya mweupe cha kamera akidhani ni mabaki, na tangu hapo kulia ni kushoto.

Dumu limelipwa lote. Kifuniko bado anadaiwa.