Mwongozo kwa Aliyeandikiwa "Naomba Kukuuliza Kitu"

Ujumbe umeingia: "Habari yako. Samahani, naomba kukuuliza kitu." Chini yake hakuna neno jingine. Aliyekuandikia hajalala wala hajapotelewa na simu. Anangoja jibu lako. Kwa hiyo utakachoandika sasa ndicho kitakachoamua kama swali lenyewe utaliona leo au Ijumaa.

Ukitaka kuliona Ijumaa, jibu "Nzuri." Umeulizwa habari na umeitoa, hakuna wa kukulaumu. Mwenzako atashukuru Mungu, ataulizia watoto, ataulizia kazi, kisha kwa adabu zake zote ataanza upya: "Sasa, nilikuwa nataka kukuuliza kitu, kama una nafasi." Mmerudi mlipoanzia, na adhana ya alasiri imeshapigwa.

Jibu hatari kuliko hilo ni "Karibu." Wengi hulitumia wakidhani wamefungua mlango, na mtu akiwa kizingitini kwako kweli linafungua. Katika simu, jibu la "Karibu" ni "Asante," naye atakuandikia "Asante sana" kisha atanyamaza, kwa sababu amekaribishwa na ameshukuru. Wewe unangoja swali, yeye anangoja umwambie aulize. Nimeona mazungumzo yaliyokaa hivyo siku nzima, kila mmoja akimwona mwenzake ana maringo.

"Uliza" peke yake inafanya kazi kwa rafiki mliyesoma naye. Kwa mtu mwenye haya, neno hilo kavu lina sauti ya karani wa kaunta mwenye foleni ndefu. Atajibu, "Kama uko bize basi nitakutafuta baadaye," na baadaye hiyo atakuja tena na "Habari yako." Kuhusu "Ndiyo?" na ile "Sema" ya vijana, tusipoteze muda.

Kosa la majibu haya yote ni moja: yanajibu maneno na kuliacha lengo. Anayeomba ruhusa ya kuuliza anajua kwamba kuuliza hakukatazwi. Anachotaka kujua ni kama namba hii bado ni yako, kama una nafasi sasa hivi, na kama jambo lake ni la aina unayokubali kusumbuliwa nalo. Mara nyingine lipo na la nne, ambalo hatalitamka kamwe: ni nani mwingine anayeisoma simu hiyo? Mtu mwenye swali la ndoa au la ugonjwa haliandiki kabla hajajua kama simu imeshikwa na mtoto anayecheza michezo. Huyo usimcheke kwa kubisha hodi mara mbili. Ukimwandikia "simu ninayo mwenyewe," umemjibu asilothubutu kuuliza.

Basi tuseme wewe ni wakala wa M-Pesa huko Likoni, na majirani wote wana namba yako. Saa 4:10 asubuhi mama mmoja wa mtaani anakuandikia: "Assalaam aleikum. Samahani mwanangu, naomba nikuulize kitu." Hajasema, lakini ametuma shilingi 3,000 za ada kwa namba isiyo sahihi, tarakimu moja imeteleza. Wewe unajibu "Waaleikum salaam" na kumgeukia mteja aliye dirishani. Saa 4:25 anauliza hali yako. Saa 4:40 unasema "Karibu mama." Saa 4:41 anasema "Ahsante mwanangu." Swali linafika saa 5:15, likiwa limezungukwa na samahani tatu. Katika muda wote huo aliyepokea fedha ameweza kwenda kwa wakala mwingine na kuzitoa. Au alikuwa anadaiwa Fuliza, na fedha zikakatwa kulipa deni mara tu zilipoingia, hata kabla hajajua zimetoka kwa nani.

Sasa tazama jibu moja la saa 4:11: "Waaleikum salaam mamangu, sote wazima, shukrani. Nipo dukani na simu ninayo mwenyewe. Niandikie swali lako hapahapa, nitalijibu kabla ya adhuhuri. Kama ni pesa imekwenda kwa asiye mwenyewe, usiningoje: ule ujumbe wa M-Pesa upeleke kwanza 456, halafu uniambie. PIN yako usimpe mtu, hata mimi."

Hapo hana cha kuomba ruhusa tena. Salamu imeitikiwa na habari za nyumbani zimejibiwa kabla hazijaulizwa. Amepewa mahali pa kuandika na saa ya kungoja, na kama shida yake ni ile ya kawaida, dawa anayo tayari. Wakala anayajua maswali ya majirani zake. Kila siku ni yaleyale manne au matano. Fundi wa friji naye anayajua yake, na atasema "nitumie picha ya ile karatasi iliyobandikwa nyuma." Lazima kuwe na kitu mkononi mwa mwulizaji cha kuanzia, maana anayeambiwa "andika jina la dawa na umri wa mtoto" huanza kuandika bila kujua kwamba ameshavuka kizingiti.

Liwe jibu moja, na litumwe kwa mkupuo mmoja. Usitume "Waaleikum salaam" kisha uanze kutunga sehemu ya pili. Yeye ataona salamu imeitikiwa na ataweka nyingine juu yake, na jibu lako zuri litatua katikati ya "na wazee hawajambo?" Akiwa ni mkubwa wako, shikamoo yako itangulie hata kama yeye ndiye aliyeanza kwa "hujambo," na "andika hapahapa" ibadilike kuwa "nakusikiliza mzee, hata kwa sauti unaweza kunitumia." Wazee wengi hawana tatizo na swali, tatizo lao ni vibonyezo.

Wenye WhatsApp ya biashara huniambia wameshamaliza jambo hili, kwani wameweka salamu inayojituma yenyewe. Salamu hiyo humwendea anayeandika mara ya kwanza, au aliyenyamaza kwa siku 14. Ikiwa imeandikwa "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi karibuni," mteja atajibu "Sawa, nilikuwa naomba kuuliza," na safari hii hakuna salamu ya kumpokea. Weka humo maneno yaleyale ya wakala wa Likoni, nayo itafanya kazi usingizini mwako.

Kuna hofu moja ya haki. "Naomba kukuuliza kitu" ya tarehe 24 mara nyingi ni mkopo, na wajanja hujikinga mapema: "Uliza, ila mwezi huu sina kitu." Usifanye hivyo. Siku moja atakuwa binamu yako anayetafuta namba ya daktari, naye ataukumbuka mchomo huo mpaka harusi ya mwanawe. Kukubali kuulizwa si kukubali kutoa. Namba usiyoijua nayo iambie "Nakusoma, ni nani mwenzangu na ni kuhusu nini?" Tapeli hachelewi kujitaja kwa swali lake.

Na ukishaandika yote hayo, kwa ukamilifu na kwa upole, akajibu "Asante. Sasa naweza kuuliza?", acha kuandika. Mpigie simu.