Sifa za Mkato wa Bosi

Wapo waliosifu mwezi, wapo waliosifu mke mwema na kahawa chungu. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa kitu kidogo kinachokaa chini ya mstari, mkia umejikunja, hakina cheo wala mshahara, na bado kinaendesha ghala zima la karanga hapa Kibakwe. Nausifu mkato unaotumika katika barua pepe za bosi wetu aliyeko Dodoma mjini.

Ni mwepesi kuandika. Haudai herufi kubwa baada yake. Una adabu pia, kwani nukta humwambia mtu anyamaze, ilhali mkato humwambia aendelee tu, wenye kumsikiliza wapo. Hizo ni sifa ndogo ndogo, nazipita. Sifa yake kuu ni ukarimu, na ukarimu huo haupimiki bila ushahidi. Hii hapa barua iliyotufikia mwezi wa nne, wakati karanga zimejaa ghalani na mvua za mwisho bado zinatunyemelea:

"Habari za kazi, gari linaondoka hapa saa nane, magunia 60 ya karanga yafunikwe turubai, mvua ikinyesha, msipakie mpaka nitoe taarifa, dereva alipwe, nasubiri picha."

Mvivu ataona barua moja. Mwenye macho ataona barua nne. Tazama maneno "mvua ikinyesha" yalivyokaa katikati ya mikato miwili, yakitazama nyuma na mbele kwa wakati mmoja. Yakirudi nyuma, maana yake ni kwamba tufunike turubai mvua ikinyesha, na kupakia tusipakie kabisa mpaka bosi aseme. Yakienda mbele, tufunike vyovyote iwavyo, na kupakia tungoje pale tu mvua inaponyesha. Jua likiwaka, tupakie. Tayari tuna amri mbili zinazopingana, nazo zimegharimu mkato mmoja.

Ukarimu haujaisha. Shuka kwa dereva. "Msipakie mpaka nitoe taarifa, dereva alipwe." Je, dereva alipwe akishafika, hiyo ikiwa amri ya peke yake? Au malipo yake ni sharti la pili, kwamba tusipakie mpaka taarifa itoke na dereva awe amelipwa? Mbili mara mbili ni nne. Na uzuri wa amri nne ni kwamba uchague uipendayo, bosi anabaki na tatu za kukukosoa. Ukipakia, alisema msipakie. Usipopakia, alisema mvua ikinyesha, nani aliona mvua? Hakuna kiongozi aliyewahi kupata ngao nyepesi kama hiyo.

Mtunza ghala wetu, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, aliisoma barua akauliza, "Sasa tufunike au tusifunike?" Makuli wakatazama mawingu. Mimi nikatazama simu.

Hapo naomba niweke sifa pembeni kidogo. Karanga zikilowa, haziharibiki ladha tu. Unyevu hualika ukungu, na ukungu huzalisha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Turubai si pambo. Mtu anayejua hayo, aliyepewa ofisi na kiyoyozi ili afikiri kwa niaba yetu, anashindwaje kuweka nukta? Asiseme ana haraka. Kuandika mkato na nafasi baada yake ni miguso miwili ya kidole. Kwenye simu nyingi, ukigusa kitufe cha nafasi mara mbili, nukta inajiweka yenyewe na herufi kubwa inafuata bila kuombwa. Nauli ni ileile.

Nirudi kwenye sifa. Nitende haki: mkato haukuanza kuharibika kwa bosi huyu. Kiswahili chenyewe kinaukaribisha, maana kitenzi chetu kimebeba mtendaji wake mgongoni. "Nitakuja" ni sentensi nzima. "Alipwe" ni sentensi nzima pia. Kwa hiyo ni rahisi mno kuzipanga sentensi tano, ukazibandika kwa mikato ukidhani umeandika moja. Wala si kosa kila mara. "Nimefika, nimeona, nimerudi" ni mfululizo mfupi wa mtendaji mmoja, hauna wa kumpoteza, na anayeukata kwa nukta anauua mwendo wake bure. Hatari inaanza kwenye maagizo, na maagizo yetu yamejaa vitenzi vinavyoishia kwa "e": yafunikwe, alipwe, apewe, yapelekwe. Kitenzi cha namna hiyo kinaweza kusimama chenyewe kama amri, na kinaweza kuning'inia kwenye neno lililotangulia, kama "mpaka" au "ili". Kwa macho havitofautiani. Kinachovitenganisha ni kituo tu.

Jinsi ya kuukamata mkato wa aina hii kwenye maagizo ni rahisi. Badala yake weka nukta kwa majaribio, kisha soma pande zote mbili kwa sauti. Pande zote zikisimama, mkato umebeba mzigo usio wake. Upande mmoja ukibaki unaning'inia, kama "Mvua ikinyesha." ikisomwa peke yake, basi mkato ulikuwa mahali pake, uuache.

Tuipime barua yetu. Mikato iko sita. Ule wa baada ya salamu, wa baada ya "saa nane" na wa kabla ya "nasubiri picha" inastahili nukta kwa sheria, lakini haimdhuru mtu, na mwenye shughuli nyingi namsamehe. Inayodhuru ni miwili. Kama bosi alitaka mvua iamue upakiaji, aweke nukta baada ya "turubai" na nyingine baada ya "taarifa":

"Magunia 60 ya karanga yafunikwe turubai. Mvua ikinyesha, msipakie mpaka nitoe taarifa. Dereva alipwe."

Kama alitaka mvua iamue turubai, nukta ihamie baada ya "ikinyesha", na mkato wa kabla ya "mvua" ufutwe. Kama malipo ya dereva ni sharti, hapo hahitaji nukta bali neno moja: "mpaka nitoe taarifa na dereva alipwe." Hakuna haja ya kuandika barua upya, wala ya kutafuta nuktamkato iliyofichwa kwenye ukurasa wa alama.

Ila angalia nani anaweza kufanya matengenezo hayo. Si mimi, si mtunza ghala, wala si mwalimu wa Kiswahili mwenye kalamu nyekundu. Sisi tunajua sarufi, lakini hatujui alichotaka. Kuchagua pa kuweka nukta ni kuchagua amri, na kazi hiyo ndiyo anayolipwa bosi. Akitupa mkato, ametupa uamuzi wake na kubaki na mamlaka yake.

Na sisi tunapokea. Mtoto wa shule ya msingi hapa Mpwapwa akiandika hivyo kwenye zoezi la kuakifisha, anakatwa alama. Mkubwa akiandika hivyo, ofisi nzima inakaa kumfasiria, na anayeinua mkono kuuliza "bosi, hapa ulimaanisha nini?" anaonekana mjuaji. Tumeifanya adabu kuwa jina la woga.

Basi ewe bosi, andika kwa haraka upendavyo, kosea herufi, sahau salamu. Lakini kabla hujatuma agizo, gusa kitufe cha nafasi mara mbili pale amri moja inapoishia. Nawe uliye ghalani, ukipata barua yenye amri nne, mjibu kwa swali moja la maandishi, na usifungue ghala mpaka ujibiwe.