Sifa za Ugeni wa Mfadhili

Ugeni wa mfadhili ni fundi bomba asiye na mpinzani. Koki ya kilula inaweza kuvuja msimu mzima, ikaandikwa kwenye ripoti za robo mwaka, ikazungumzwa kwenye mkutano wa kijiji, na bado ikaendelea kuvuja. Habari ikishafika kwamba mfadhili anakuja Alhamisi, mpira wa koki hupatikana Jumanne. Greda lililokuwa bovu huonekana barabarani likichonga. Choo cha shule hupata mlango, na daftari la mapato ya maji, lililokuwa limelala, hujazwa miezi minne kwa kalamu moja. Hakuna mafunzo, wala mwongozo, wala mtaalamu mwelekezi aliyewahi kufanya hayo kwa siku mbili, tena kwa gharama ya mafuta, posho na kreti chache za soda.

Sifa ya pili ya ugeni huu ni kuwafundisha watu hesabu ya muda, na hesabu hiyo husomwa kinyumenyume, kuanzia jioni kurudi asubuhi. Uchukuliwe mradi wa kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua, katika kijiji kilicho kilomita 40 za vumbi kutoka Kondoa. Mgeni analala Dodoma na usiku unaofuata atalala Kondoa. Kanuni ya karibu kila shirika ni kwamba gari lisiwe njiani gizani, na katikati ya Tanzania jua huzama mnamo saa 12 na nusu jioni. Basi gari liwe Kondoa saa 12 kamili. Barabara ya vumbi inataka saa moja na nusu, na nusu saa huwekwa akiba kwa pancha au kundi la ng'ombe. Kwa hiyo msafara lazima uage kijijini saa 10 alasiri.

Upande wa asubuhi, kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kilomita 160 hivi za lami, lakini zinapita katikati ya makazi ambako mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Gari likiondoka saa 1 asubuhi, litafika Kondoa mnamo saa 3 na nusu. Saa moja ni ya ofisi za wilaya, saa moja na nusu ni ya vumbi, na mgeni anashuka kijijini saa 6 mchana. Kati ya saa 6 na saa 10 kuna saa nne. Toa robo saa ya ofisi ya kijiji, dakika 45 za ngoma na risala, na saa nzima ya chakula. Zinabaki saa mbili. Siku ya saa kumi na moja imezaa saa mbili za kuuona mradi wenyewe, na huo ndio ukarimu wa ratiba: haimchoshi mgeni kwa kumwonyesha mengi.

Anayeandaa ratiba bila hesabu hiyo huandika vijiji vitatu kwa siku moja. Dalili ya kosa lake huonekana mapema: kijiji cha kwanza hupata ngoma, cha pili hupata kupungiwa mkono, na cha tatu hubaki na sufuria za pilau na wazee waliovaa kanzu tangu asubuhi. Zaidi ya hayo, tarehe ina wenyewe. Ijumaa sehemu za Kondoa wanaume wengi huenda msikitini mchana, yaani katika saa zilezile ambazo mgeni yuko kijijini. Siku ya mnada kijiji huhamia mnadani. Kati ya Desemba na Aprili watu wako mashambani na njia zina matope. Mtendaji wa kijiji huyajua yote haya, naye huulizwa kwa simu kabla tiketi ya mgeni haijakatwa.

Ugeni pia hulea subira, kwa njia ya itifaki. Barua hutangulia wiki mbili kwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA. Kisha taarifa hushuka kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Siku yenyewe mgeni husaini kitabu cha wageni katika kila ngazi, akieleza dhumuni lilelile kwa mwandiko unaozidi kuharibika. Kuruka ofisi moja ili kuokoa dakika ishirini ni kununua kesi: mgeni atakutwa kijijini na mtu wa pikipiki aliyetumwa kuuliza ameruhusiwa na nani. Njia ya kulinda saa iliyotengwa ni kumtanguliza ofisa mmoja wa mradi Kondoa tangu jana, ahakikishe nani atakuwepo ofisini, na kama bosi yuko kikaoni, nani atampokea mgeni kwa niaba yake.

Katika usafiri, ugeni hutimiza usawa ambao sera haijauweza: kila mtu hutaka kupanda. Mgeni mmoja huhitaji magari mawili, ili moja likikwama lingine livute, na gari la pili hujaa wataalamu ambao mradi ulikuwa haujawahi kuwaona. Magari yawe ya mkonga, kila moja na tairi mbili za akiba, jeki, koleo, kamba ya kuvutia na maji ya kunywa, na mafuta yajazwe Kondoa kwa sababu mbele hakuna kituo cha kutegemewa. Siku chache kabla, dereva yuleyule apite njia ileile kwa gari lilelile, akiandika muda wa kila kipande na mahali simu zinapokosa mtandao. Ratiba iliyoandikwa kwa ramani hudai dakika hamsini pale ambapo dereva ametumia saa moja na nusu, na dereva ndiye mkweli.

Usalama ni sehemu ambayo ugeni huwafanya watu wakumbuke mikanda ya viti. Hatari kubwa ya safari hii si mnyama wala jambazi. Ni korongo. Katika sehemu hizo mito mingi huwa mchanga mtupu, na mvua iliyonyesha mbali huko juu inaweza kushusha maji mahali ambapo mbingu ni nyeupe. Maji ya rangi ya udongo yanayobeba povu na vijiti, na yanayoendelea kupanda kwenye jiwe lililowekwa ukingoni kuwa alama, hayavukwi. Gari husimama na watu husubiri yapungue, hata kama mgeni ana kikao cha mtandaoni jioni. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuvuka au kutovuka huachiwa dereva kwa maandishi kabla ya safari. Asipopewa mamlaka hayo, wakubwa walioketi nyuma watamwamulia. Ofisini abaki mtu mmoja mwenye namba zote, anayepigiwa kila kituo kinapofikiwa, na anayejua aanze lini kutafuta: nusu saa baada ya muda uliopangwa, bila kungoja usiku.

Hata hivyo, utukufu wa ugeni huonekana zaidi kwa wanufaika, kwani huwageuza wanakijiji kuwa wasomi. Mama anayechota maji kilulani, ambaye jana alizungumza Kirangi na jirani yake kuhusu bei ya ndoo, leo hutamka kwamba jamii imejengewa uwezo na umiliki umeimarika. Watu watatu wakisema sentensi moja, mwandaaji amewafundisha, na mgeni mwenye masikio amekwisha kujua. Pia kuna mnufaika wa kudumu, hodari wa kusimulia, anayeonyeshwa kwa kila msafara hadi kilula chake kikawa kama sebule ya mradi.

Dawa yake ni rahisi, ndiyo maana haipendwi. Mgeni huchagua mwenyewe kaya tatu kutoka kwenye orodha ya watumia maji, moja iwe mwisho wa bomba, ambako maji hufika mwisho na hukatika kwanza. Majina huchaguliwa jana yake ili wenyewe waulizwe, bila mwenyekiti kusimama mlangoni, kama wako tayari kuzungumza na kupigwa picha. Jibu la hapana halihitaji maelezo. Mkalimani awe mwanamke ajuaye Kirangi asiyelipwa na mradi, na wanawake wazungumze wakiwa peke yao. Watoto hawatolewi darasani kuja kuimba, wala hawapigwi picha bila ridhaa ya wazazi.

Baada ya hapo saa mbili zilizobaki zinaweza kutumika kwa jambo moja ambalo halijui kupigiwa makofi, nalo ni kusoma mita. Tuseme mita ya pampu inaonyesha mita za ujazo 300 kwa mwezi uliopita. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, hivyo zimetoka ndoo 15,000. Kwa shilingi 50 kwa ndoo, daftari lingepaswa kuonyesha shilingi 750,000. Linaonyesha 480,000. Zilizopungua ni 270,000, sawa na ndoo 5,400. Huenda maji yanavuja ardhini, huenda yanakwenda kwenye birika la mifugo au shuleni bila malipo, na huenda fedha zimebaki mfukoni mwa mtu. Kila jibu lina alama yake: ardhi yenye unyevu juu ya bomba, kwato nyingi birikani, au daftari la miezi minne lililojazwa kwa kalamu moja. Ngoma ikirefushwa kwa nusu saa, hesabu hii ndiyo inayokatwa kwanza. Hilo nalo watu wengine hulihesabu miongoni mwa fadhila za ngoma.

Risala hufungwa kwa maombi: zahanati, gari la wagonjwa, daraja la korongo. Mgeni hujibu kwa kichwa, na kichwa kinachotikisika kijijini husomwa kuwa ahadi. Kwa hiyo mwandaaji humwomba mapema aseme waziwazi kipi kiko ndani ya uwezo wake na kipi sicho, na ofisa mmoja huandika kila neno lililotoka. Mbuzi wa zawadi hupokewa kwa mikono miwili mbele ya watu, kisha huachwa shuleni kwa heshima, maana kanuni za mfadhili hazimruhusu kumpakia. Mgeni akiomba kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyo urithi wa dunia tangu mwaka 2006, apangiwe asubuhi inayofuata. Iko kaskazini ya Kondoa, na jua la siku ya kwanza limekwisha kugawanywa.

Ugeni haumaliziki magari yanapoondoka. Ndani ya wiki moja orodha ya ahadi hurudishwa kijijini kwa maandishi, picha hupelekwa kwa waliopigwa, na stakabadhi za mafuta hufungwa. Mwezi mmoja baadaye ofisa hurudi kwa pikipiki bila taarifa, anasoma mita na kufungua daftari. Maji yakiwa yanatoka na namba zikikaribiana, sifa ni za mradi. Yakiwa yamekatika tangu wiki ya ugeni, sifa zote ni za ugeni, na tarehe ya ugeni mwingine yafaa itangazwe mapema.