Namna ya Kuomba Chumba cha Mkutano Ukaharibu kwa Heshima

Ndugu yangu, afisi yako ipo Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya kale iliyojificha katika vichochoro vya Kiponda, na juu ghorofani kuna chumba kimoja tu cha mikutano. Ufunguo anao Bi Afisa Utawala. Mkuu wako kakutaka uitishe mkutano wa wadau. Mjinga angemwandikia Bi Utawala mambo manne: watu wangapi, vifaa gani, matayarisho yaanze saa ngapi, mkutano uchukue muda gani. Wewe usimwandikie hata moja waziwazi. Ukiyataja wazi, mkutano ukiharibika umeharibika mikononi mwako. Ukiyafumba, utaharibika mikononi mwake. Nifuate taratibu.

Hatua ya kwanza: pamba barua

Anza na "YAH: OMBI LA CHUMBA CHA MKUTANO", herufi kubwa, pigia mstari. Chini yake, "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu", ingawa mada hiyo ndiyo kwanza umeitaja. Mshukuru kwa ushirikiano wake katika aya mbili nzima. Barua uifikishe Alkhamisi karibu na saa tisa na nusu, watu wakishavaa viatu vya kuondokea, na mkutano uwe kesho yake. Ukimpelekea mwenyewe, msabahi vizuri, uliza khabari za watoto, halafu toka mbio kabla hajafungua bahasha.

Hatua ya pili: idadi ya watu

Andika "takriban washiriki 15 hadi 40". Hapa naomba unipe subira kidogo, maana uharibifu wote umelala kwenye namba hii.

Sakafu za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka hairefuki sana. Ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe upana wake unacheza kwenye mita tatu, hata mwenye nyumba angekuwa tajiri wa karafuu. Urefu utaupata, upana huupati. Beit el Ajaib ya Seyyid Barghash, ya mwaka 1883, iliweza kuwa na kumbi pana kwa sababu ilijengwa kwa nguzo na boriti za chuma. Afisi yenu haikujengwa na Seyyid Barghash.

Basi tuseme chumba chenu kina upana wa mita tatu na urefu wa mita tisa. Wewe omba meza zipangwe mfano wa herufi U, maana ndivyo ulivyoona hotelini. Meza moja ina upana wa sentimita 60, na mtu aliyekaa kitini anataka sentimita 75 nyuma ya meza yake. Zidisha kwa pande mbili: mita mbili na sentimita 70 zimekwisha. Katikati ya U yako imebaki nafasi ya sentimita 30, ambayo paka atapita, mtoa mada hatapita.

Ukiacha U ukapanga meza moja ndefu katikati, chumba hicho hicho kitakaa watu 21 kwa kubanana, kumi kila upande, na mmoja kichwani. Aliye mwisho akitaka kwenda msalani, safu nzima inasimama. Sasa unaona utamu wa "15 hadi 40"? Wakija 15, Bi Utawala kajaza viti bure. Wakija 40, Bi Utawala hakujitayarisha. Kwa vyovyote wewe umesalimika.

Hatua ya tatu: vifaa

Andika "vifaa vyote muhimu". Usiseme projekta, maana akijua ni projekta atauliza wapi pa kuiweka, na hilo ni swali la mtu mwenye akili. Projekta ya kawaida, ukitaka picha ya upana wa mita mbili, hutaka ikae kiasi cha mita tatu kutoka ukutani. Kwa hiyo picha itakaa kwenye ukuta mfupi, na projekta katikati ya watu, na waya utapita miguuni mwao hadi kwenye soketi, ambayo katika nyumba hizi mara nyingi ni moja na iko nyuma ya kabati. Ekstensheni usiitaje. Itafutwe wageni wakishakaa.

Kuhusu madirisha, starehe zako ni mbili. Ukiyaacha wazi, jua litafuta picha. Ukiyafunga, joto litawafuta wageni. Na mtandao usiuulizie. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, humeza mawimbi yanayotoka chumba cha pili.

Umeme ukikatika, usihangaike. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, kwa sababu ya hitilafu ya waya wa baharini unaotoka bara. Watu wazima wote chumbani wanakumbuka. Sema "umeme tena" kwa sauti ya huzuni, na hakuna atakayeuliza kama uliomba jenereta.

Hatua ya nne: matayarisho

Andika "dakika 15". Viti vya ziada vimekodiwa, lakini gari haliingii Kiponda. Litasimama Darajani, viti vipakiwe kwenye gari la hamali, lisukumwe kwenye vichochoro likipishana na vespa na watalii, kisha viti vibebwe vichache vichache juu ya ngazi zenye vidato virefu vya kuvunja magoti. Mtu mwenye hesabu zake angeomba saa mbili kamili. Dakika 15 zina faida yake: mgeni rasmi atafika akukute umebeba kiti, na ataona unavyojituma.

Hatua ya tano: muda

Andika "saa 9:00" bila kusema asubuhi wala alasiri. Nusu ya wageni watasoma saa ya kizungu waje asubuhi, saa tatu yetu. Nusu watasoma saa yetu waje saa tisa, afisi inakaribia kufungwa. Mwisho wa mkutano andika "hadi utakapomalizika". Kwa kuwa ni Ijumaa, ikifika saa sita wanaume wataanza kutazama saa na kutafuta kofia zao, na ukumbi utajifunga wenyewe kwa ajili ya sala. Maazimio yatapitishwa na waliobaki, yaani wewe na sahani ya sambusa.

Tahadhari moja

Kuna mwenzako, yule kijana wa hesabu, ambaye siku moja ataandika barua ya namna hii:

"Bi Afisa Utawala, assalamu alaykum. Naomba chumba cha juu Jumatano, kwa watu 16, meza moja katikati. Mkutano ni saa 3:00 asubuhi hadi 5:30 asubuhi. Naomba ufunguo saa 1:00 asubuhi kwa matayarisho. Nahitaji projekta, ekstensheni ya mita tano na pazia zito la dirisha la upande wa bahari. Viti sita vya ziada vitaletwa Jumanne alasiri. Umeme ukikatika tutatumia karatasi, nimeshachapa nakala 16."

Usikubali ipite. Mwambie haina kumbukumbu namba, haina aya ya shukurani, na mtu mzima haandikiwi mistari michache kama orodha ya sokoni. Mchukulie barua umwambie utamrekebishia. Kisha iweke chini kabisa ya jalada, hadi Alkhamisi, saa tisa na nusu.