Mtani Asiye na Kibali

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani wa Mikindani, anajua kusimulia kuliko anavyojua kushona. Akikuahidi suruali Ijumaa, shukuru ukiipata Jumatano ya pili yake. Lakini jambo likikupata asubuhi, kabla ya adhuhuri kijiwe kizima cha kahawa kinalo, tena limeongezwa chumvi, pilipili na ndimu. Sisi humwita Fundi tu, na hakuna anayeuliza ni fundi wa nini.

Habari yangu aliyoipenda kuliko zote ni ya mashua ya Msangamkuu. Msiopajua, Msangamkuu ni rasi iliyo ng'ambo ya ghuba, ukitokea Mtwara mjini unaiona kwa macho. Ukianza hadithi ndefu chomboni huimalizi kabla ya kushuka. Siku hiyo kusi lilikuwa limechachamaa, mashua inainama huku na huku, na tumbo langu ambalo halijapata kuelewana na bahari tangu utotoni likaamua kurudisha chai na maandazi. Nikainama ukingoni kama mtu mstaarabu. Upepo nao ukaona si vyema mali ipotee, ukairudisha ndani, ikaishia katika ndoo tupu ya mama mmoja aliyekaa nyuma yangu. Nikamwomba radhi, nikaiosha ndoo kwa maji ya bahari, yule mama akacheka, tukashuka. Basi, yameisha.

Kwa Fundi ndiyo kwanza yanaanza. Aliposimulia mara ya kwanza, ndoo ilikuwa tupu kama ilivyokuwa. Baadaye ikaingia ngisi. Kisha ngisi wakawa wa biashara, na mama akawa anawahi mteja. Mwisho nikasikia kwamba tulipofika Msangamkuu ngisi waliuzwa vilevile, na wateja wakasifu kwamba safari hii wameungwa vizuri. Nami nilicheka. Kijiweni hucheki? Ukinuna, kununa kwako ndiyo hadithi ya kesho.

Kijiweni basi sikuwa na neno. Neno lilianzia Msimbati.

Mke wangu ni mtu wa Msimbati, huko Ghuba ya Mnazi, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari lililotangazwa mwaka 2000, ambalo linafika hadi maingilio ya mto Ruvuma mpakani na Msumbiji. Wakwe zangu ni wavuvi. Wanajua wapi maji ya mto yanagombana na maji yanayojaa, wapi mikoko inaficha fungu la mchanga, na saa ngapi usithubutu kupita. Halafu sisi ni Wamakonde, ukoo wetu unakwenda upande wa mama, kwa hiyo mwenye sauti juu ya ndoa yangu si baba mkwe peke yake. Yupo mjomba wa mke wangu, na mjomba huyo humpima mwanamume kwa namna anavyokaa ndani ya mtumbwi.

Tulikwenda kwao kwa shughuli ya kifamilia, na Fundi akaja nasi kwa kuwa ndiye aliyeshona nguo. Tumekula wali na pweza wa nazi, tumenawa, wazee wameegemea. Fundi akatazama ukimya ule kama njaa inavyotazama sahani. "Jamani," akasema, "mkwe wenu huyu siku moja tulikuwa tunavuka Msangamkuu..."

Vijana walivunjika mbavu. Shemeji zangu waligaragara mkekani. Mjomba hakucheka. Aliniangalia kidogo, akauliza taratibu, "Kumbe bahari huiwezi?" Tangu siku ile nikifika Msimbati wakati watu wanashuka pwani, kuna mtu atanivutia kiti kivulini na kuniambia, "Wewe pumzika, mwanetu." Nimepumzishwa mpaka nimechoka.

Nilipomgusia Fundi njiani, alinijibu neno lile linalofunga kila mlango: "Utani tu, bwana."

Hapo ndipo ninapogombana naye kwa hoja, maana utani kwetu una wenyewe. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo wanatukanana kwa raha zao bila mtu kushika fimbo. Wanyamwezi na Wazaramo wana wao. Bibi humwita mjukuu wake mume, na binamu hushikana mashati kwa maneno tangu utotoni. Wataalamu wamelishughulikia jambo hili muda mrefu: hata Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekaa Amani, milima ya Usambara, aliwaacha ndege kidogo akaandika juu ya utani wa Tanganyika katika makala ya mwaka 1944. Na mtani hatanii bure. Penye msiba yeye ndiye anayehangaika na kazi huku akimwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na katika baadhi ya makabila hujilaza kaburini akatae kutoka mpaka apewe chochote. Anakuchekesha siku unayolia. Kwa kazi hiyo ana haki ya kukusema siku nyingine zote, na wewe una haki ileile juu yake.

Sasa Fundi ni nani kwangu? Kabila letu moja. Si binamu yangu, si shemeji yangu, si babu yangu, ingawa kwa kuchelewesha nguo anafanana na mzee. Kibali cha kunitania nilimpa mimi mwenyewe kijiweni kwa kucheka kwangu, na kibali hicho kilikuwa cha kijiweni. Kingine ni kwamba mila inayoruhusu utani ndiyo hiyohiyo inayoweka mahali usipoingia. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba utani na kuoneana haya ni ndugu, vyote viwili ni njia ya kuishi na watu ambao ungeweza kugombana nao. Bibi yangu hakumsoma, lakini alijua: shemeji mtanie, mkwe mwonee haya. Fundi alichukua maneno ya shemeji akayamwaga mbele ya mjomba wa mke.

Kumwambia mtu wa namna hii aache kuna ugumu wake. Ukimjibu palepale mbele ya watu, umeingia uwanja wake wa nyumbani, naye ana washangiliaji. Ukimtumia ujumbe wa simu, atausoma kijiweni kwa sauti yako. Ukimtuma mtu, mtu huyo ataongeza yake njiani, na Fundi atajua kwamba mmekaa mkamjadili. Mbaya kuliko yote ni kumwambia kwa mzaha, "We Fundi, punguza bwana," huku unacheka. Hiyo kwake ni makofi.

Nilimfuata kazini mchana, saa ambayo Mikindani kila mtu amejificha jua na kijiwe kina paka tu. Alikuwa anatia uzi. Nikavuta kigoda, nikasema nina neno naye. "Umekuja na ndoo?" akauliza. Sikucheka. Sikununa pia. Nilikaa kimya mpaka kicheko chake kikamwishia mwenyewe, na hapo ndipo akaondoa mguu kwenye cherehani. Ukimya huo ni mgumu kuliko maneno yote yaliyofuata, maana miaka yote urafiki wetu ulikuwa yeye anasema mimi nacheka, na mkono wangu wote ulitaka kumpiga begani tuyamalize.

"Ile hadithi ya mashua," nikamwambia, "usiisimulie tena mbele ya wakwe zangu. Wala mbele ya wateja wangu. Kijiweni endelea, nikiwepo nisiwepo."

Sikumwambia "wewe unapenda kunidhalilisha," wala "siku zote uko hivi." Ukimwambia mtu tabia yake yote ni mbovu, atatetea tabia yote. Ukimtajia hadithi moja na mahali pawili, hana cha kutetea ila hiyo hadithi. Nikamweleza na la Msimbati, la kiti cha kivulini, na jinsi mjomba alivyoacha kunishauri mambo ya mtumbwi ambao tulikuwa tumepanga kuununua pamoja.

Fundi akanitazama kama mtu aliyekatwa vipimo vibaya. "Sasa mbona ulikuwa unacheka?"

Swali hilo lazima ulijue jibu lake kabla hujatoka nyumbani, maana litakuja tu. Na jibu lenyewe si "sikuwa nacheka," kwa sababu shahidi ni kijiji kizima. "Kijiweni nilicheka kwa sababu ilichekesha," nikamwambia. "Msimbati nilicheka kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kujitetea kwamba yeye aliwaona wazee wamechangamka, kwamba shemeji zangu wenyewe walimwomba arudie, kwamba ngisi si yeye aliyewatia ndooni, walitiwa na mtu wa Chikongola. Nikamwacha aseme. Mtu aliyeombwa aache jambo anahitaji kutoka na heshima yake, na mimi sikwenda kuchukua heshima yake, nilikwenda kuchukua hadithi yangu. Mwisho akasema, "Haya, nimekusikia," halafu akaongeza, "ila umeninyang'anya mtaji."

Usidhani alibadilika papo hapo. Ulimi uliozoea una njia yake. Tulipokwenda tena Msimbati nilimwona kabisa anavuta pumzi, anasema, "Jamani, siku moja tulikuwa tunavuka..." Nikakohoa. Macho yetu yakakutana. Akameza mate, akamalizia, "...bahari ilikuwa shwari kabisa." Watu wakasubiri. Hakuna kilichofuata. Nadhani hiyo ndiyo hadithi mbaya kuliko zote alizowahi kusimulia, na kwa dalili hiyo nikajua amenisikia kweli: mtu ambaye hakusikia hupunguza ngisi tu, aliyesikia hubaki na sentensi mkononi hajui aipeleke wapi.

Lakini deni la mtaji hakulisahau. Alidai kwamba hata mtani anayelala kaburini hatoki bure, sembuse yeye aliyeambiwa akae kimya akiwa mzima. Tukapatana: sinia la pweza wa kukaanga, ming'oko ya kuchemsha pembeni, nikamlipia pale sokoni, akala mpaka akafungua kifungo. Nikajiona nimemaliza kesi kwa bei nafuu.

Majuzi mjomba alinipigia simu kutoka Msimbati, sauti imechangamka kuliko kawaida yake. Mambo ya mtumbwi yamerudi mezani, tena anataka nifike kabla ya bamvua. Kabla ya kukata akasema, "Eti nasikia umemhonga Fundi pweza mzima ili anyamaze. Anyamazie nini?"