Sifa za Muda Ulioongezwa

Wapo waliosifu wafalme, wapo waliosifu farasi, na yupo msomi wa kale aliyekaa chini akaandika kitabu kizima cha kuusifu upara. Mimi namsifu mnyonge asiye na wa kumtetea: tangazo la mistari miwili linalotumwa jioni, saa chache kabla ya mlango kufungwa, likisema kwamba kutokana na maombi mengi, muda wa kuwasilisha ikisiri umeongezwa kwa wiki mbili.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kongamano anajua kwamba hayo maombi mengi ni ya watu wawili, na mmoja wao ni mjumbe wa kamati. Lakini tazama adabu ya tangazo lenyewe. Halimlaumu mtu. Halisemi kwamba kamati imeshikwa na hofu. Linafungua mlango tu na kusimama kando, kama mwenyeji asiyeuliza mgeni kwa nini amechelewa.

Huku Mwihoko tunalipenda kwa sababu tunaishi katikati ya wateja wake. Upande huu kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho Agosti 2019 kilipokea wanasayansi wa Afrika nzima katika mkutano wa Deep Learning Indaba. Ukifuata barabara ya Thika unakuta vyuo vya Ruiru, kisha JKUAT pale Juja, kisha vya Thika mjini. Katika ploti moja ya kupanga unaweza kupata wahadhiri wa muda watatu, kila mmoja akifundisha vyuo viwili au zaidi, na siku yao ya kuandika ni Jumapili usiku, baada ya kushuka matatu Githurai na kupanda nyingine ya kuja huku. Jumapili usiku ndiyo stima inayopenda kupotea. Mtu wa namna hiyo akituma ujumbe, “Dada, nisukumie hadi Jumatano,” utamwambia nini? Utamwambia, “Sawa, Daktari, ngoja niongee na kamati.” Na kamati, ikishaongea, haisukumii mtu mmoja. Inasukumia ulimwengu.

Sifa kubwa ya nyongeza ni kwamba inaponya ugonjwa usiokuwepo. Wito wa ikisiri ukitoka mwanzoni mwa Julai na kufungwa mwishoni mwa Agosti, sanduku hukaa tupu karibu muda wote huo. Wiki ya kwanza huja chache, za wale wasiojiamini kukumbuka baadaye. Kisha kimya. Kisha, katika siku mbili za mwisho, hasa saa za mwisho, zinamiminika. Kila mwandalizi ameliona hilo, na kila mwaka mwenyekiti anafungua mfumo siku tano kabla, anakuta ikisiri 18 ilhali ukumbi una viti 200, na jasho linamtoka. Kumbe dalili ya kutazamwa haiko kwenye zilizowasilishwa. Iko kwenye akaunti zilizofunguliwa na rasimu zilizoanzwa zikaachwa bila kukamilishwa. Katika mifumo inayoonyesha rasimu, wenye rasimu 60 siku tano kabla hawajakata tamaa. Wanangoja usiku wenyewe. Ukiona rasimu nazo ni tano, hapo wasiwasi ni wa haki, lakini dawa ni kupiga simu kwa wakuu wa idara. Wiki mbili zaidi hazimfikii mtu ambaye hakuusikia wito.

Ugonjwa mwingine unaotibiwa na nyongeza ni saa yenyewe. Andika “Ijumaa saa sita usiku” halafu uhesabu simu: wengine watasema ni usiku wa kuamkia Ijumaa, wengine wa kuamkia Jumamosi, na wote watakuwa wanajua Kiswahili vizuri. Makongamano ya kompyuta yamejitungia ujanja wao, `AoE`, maana yake muda haujaisha mpaka siku hiyo iishe mahali pa mwisho kabisa duniani, ukanda wa `UTC-12`, kwenye visiwa vya Baker na Howland katika Bahari ya Pasifiki ambako hakuna mkazi hata mmoja. Kwa sisi wa `UTC+3`, hiyo ni kesho yake saa 8:59 mchana. Nimeona watu wakikesha kwa hofu ya usiku wa manane ilhali walikuwa na asubuhi nzima na chakula cha mchana mbele yao. Nimeona pia waliozoea huruma hiyo wakituma ikisiri kesho yake kwa kongamano lililoandika wazi 23:59, saa za Afrika Mashariki. Basi kamati inaongeza muda, na wote wanakuwa sahihi.

Sasa tufike kwenye ukarimu mkubwa wa nyongeza, ule wa kugawa mali ya wengine. Kongamano ni Alhamisi ya kwanza ya Desemba; ukumbi umeshalipiwa, kwa hiyo siku hiyo haisogei. Ukihesabu kurudi nyuma, barua za kukubaliwa lazima zitoke wiki kumi kabla, kwa kuwa mtu wa Dodoma au Bukavu hapewi ruhusa wala nauli na mwajiri wake bila barua. Kabla ya barua, wiki moja ya kujadili na kuwafukuzia wapitiaji waliopotea. Kabla yake, wiki tatu za kupitia. Jumla wiki 14, ndiyo maana mlango unafungwa mwishoni mwa Agosti. Wiki mbili za nyongeza zitatoka wapi? Haziwezi kutoka Desemba. Zinatoka kwa mpitiaji, ambaye hakuombwa, halipwi, na alikuwa ameahidiwa wiki tatu.

Tuseme zilikuja ikisiri 72, na kila moja inasomwa na watu watatu. Hayo ni masomo 216. Ukiwa na wapitiaji 18, kila mmoja anapata 12. Ikisiri ya maneno 300, ukiisoma, ukaipa alama na kuandika sentensi tatu za maana kwa mwandishi, ni nusu saa. Saa sita, kwa wiki tatu: mzigo wa binadamu. Nyongeza inaleta 30 zaidi. Zimekuwa 102, masomo 306, kila mpitiaji 17, na sasa ana wiki moja. Wapitiaji watatu hawapokei simu, jambo la kawaida kabisa, na mzigo wao unagawiwa waliobaki 15: kila mmoja 20 na ushei. Saa kumi za kazi ndani ya wiki ya mitihani. Utamjua aliyeelemewa bila kumuuliza: maoni yake yanapungua kutoka sentensi tatu hadi “Nzuri”, alama zake zote zinakuwa 3, na ukitazama muda kwenye mfumo, ikisiri tisa zimepitiwa kati ya saa tano na saa sita usiku.

Usidhani hasara inagawanyika sawa. Kamati nyingi, kwa nia njema, huwapa wapitiaji zile 72 mara moja wakati mlango bado uko wazi, ili wasikae bure. Waliowahi wanasomwa kwa utulivu, na utulivu huona kasoro. Waliochelewa wanasomwa kwa haraka, na haraka huwa na tabia mbili: inapitisha kila kitu au inakataa kila kitu, kutegemea kama mpitiaji amekula. Katibu mwenye roho ngumu hamgawii mtu chochote kabla mlango haujafungwa. Kisha anazichanganya zote bila kuangalia zilifika lini, na kabla ya kugawa anaondoa wenye undugu wa kitaaluma: mpitiaji wa idara moja na mwandishi, msimamizi na mwanafunzi wake, walioandika pamoja miaka ya karibuni. Kwenye nchi ambayo wasomi wa fani moja wanafahamiana kwa majina ya watoto, orodha hiyo ni ndefu, na inahitaji siku mbili tatu za kazi. Siku hizo, bila shaka, nyongeza imeshazila.

Kuna hesabu nyingine inayohitaji muda. Wapitiaji hawana mizani moja. Mmoja ni mkali. Katika ikisiri zote alizosoma wastani wake ni 2.5 kati ya 5. Mwingine ni mpole, wastani wake 4.2. Ikisiri iliyopata 3 kwa mkali imezidi wastani wake kwa 0.5, iliyopata 4 kwa mpole imepungukiwa na 0.2. Ukijumlisha alama kavukavu, ya pili inashinda, na mwandishi wa kwanza ameadhibiwa kwa bahati ya kuangukia mkono mzito. Linganisha kila alama na wastani wa aliyeitoa, na mambo yanageuka. Ila hesabu hiyo inafaa tu pale kila mpitiaji amesoma za kutosha, kumi hivi, tena zilizogawiwa kwa bahati nasibu. Mtu aliyesoma nne, huenda alipewa mbaya nne.

Na hata ukifanya yote hayo, usijivune. Mwaka 2014 wenyeviti wa programu ya kongamano la NeurIPS, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walichukua makala 166 wakazipitisha kwa kamati mbili zisizojuana. Kamati hizo zilitofautiana kwa takriban robo ya makala, na zaidi ya nusu ya zilizokubaliwa na moja zilikataliwa na nyingine. Hao walikuwa wapitiaji wenye muda. Nyongeza inapenda sana kutajiwa habari hii: ikiwa ni bahati nasibu hata hivyo, kwa nini kusumbuka?

Kwa haki, iko siku moja ninapoisifu bila kejeli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Kamati iliyokuwa inafunga siku hiyo ilipaswa kuongeza muda, na kipimo chake ni rahisi: mtandao ukikosekana siku mbili, unaongeza siku mbili, kwa wote, na unatangaza sababu. Kinyume chake ni ile huruma ya kimyakimya ya kuuacha mfumo wazi usiku kucha bila kusema. Inawafaa wenye rafiki kwenye kamati, na ninaipinga hata nikipewa chai.

Wito wa mwaka ujao nimeshauandaa: tarehe, saa kwa mtindo wa 23:59, na sentensi isemayo kwamba muda hautaongezwa. Nilimtumia profesa mmoja jirani aukague kabla ya kutoka. Akarekebisha koma mbili, akasifu uwazi wake, kisha akauliza nyongeza itakuwa ya wiki ngapi, apange likizo yake vizuri.