Ndiyo Iliyomnyima Mgeni Kiti

Swali la Kiingereza linaloanza na "wudi yu maindi" ni ombi la ruhusa lililovaa nguo za swali jingine. Anayetaka kukubali hujibu hapana; akijibu ndiyo, amekataa. Kanuni hii imo katika vitabu vya sarufi, lakini haikumfaa kitu abiria mmoja wa Ruponda aliyepanda haisi ya asubuhi kwenda Nachingwea wiki iliyopita.

Abiria huyo, ambaye mwandishi anamfahamu kwa karibu kuliko anavyopenda, alikaa siti ya watu wawili. Mapajani alikuwa na tenga la kuku watatu, mikono yote miwili imelishika, na begi lake dogo lilikuwa juu ya nafasi iliyobaki. Akapanda mgeni Mzungu, akaitazama ile nafasi, akauliza: "Wudi yu maindi ifu ai sati hia?" Abiria alisikia "sati hia" akajua anaombwa kiti. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana, akajibu kwa sauti ya kusikika gari zima: "Yesi! Yesi, veri machi!"

Mgeni akaomba radhi. Akarudi nyuma hatua moja, maana nafasi ya hatua ya pili haikuwepo, akasimama ameinama, kisogo kimegusa dari. Gari likaondoka. Abiria akamtazama kwa huruma na kurudia, "Yesi, yesi," akilionyesha begi kwa kidevu kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Kila yesi ilileta radhi mpya. Kuku mmoja alichomoa kichwa katikati ya fito akawatazama wote wawili kwa zamu. Hatimaye bibi aliyekaa nyuma akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, mgeni wa watu unamnyima kiti kwa ajili ya begi?"

Kosa hapa si la msamiati. Kitenzi kilichobeba swali lile hakikuwa kukaa, bali kukereka, na ndicho kilichokuwa kinajibiwa. Likigeuzwa kwa Kiswahili cha kawaida, swali ni "Utakereka nikikaa hapa?" na hapo hakuna mtu wa Ruponda, hata aliyeishia darasa la pili, atakayejibu ndiyo huku akitaka mgeni akae. Atasema, "Hapana, kaa." Abiria alikosea kwa sababu hakulisikiliza swali, alisikiliza haja ya muulizaji, akaijibu haja. Katika maisha ya kawaida huo ndio usikivu unaosifiwa.

Lenye kuudhi zaidi ni kwamba wenye Kiingereza chao hufanya vivyo hivyo kila siku. Wakiulizwa "wudi yu maindi" hujibu "shua", yaani bila shaka, na hakuna anayebaki amesimama. Kinachowaokoa ni kinachofuata: wanasogea, wanatoa mkoba, wanaongeza neno la kumkaribisha mtu. Yesi tupu, isiyoambatana na mwili kusogea wala mzigo kuondoka, husikika kama kukataa. Kwa hiyo kilichomponza mtu wetu ni tenga la kuku pia, si sarufi peke yake. Angekuwa na mkono mmoja huru, Kiingereza chake kingetosha kabisa.

Kiswahili huijenga ruhusa kwa kifaa kingine. Mtu huweka kitenzi katika hali ya kutaka, akakiachia sauti ipande: "Nikae?" "Nipite?" "Nichukue?" Neno moja, herufi chache, na uamuzi wote umekabidhiwa kwa mwenye mahali. Hakuna "naweza" ndani yake, wala "ungependa". Na jibu lake kwa kawaida si ndiyo wala hapana. Ni kitenzi kilekile kinachorudishwa kikiwa ruhusa, "Kaa," "Pita," au ni "Karibu." Kukataa nako hupitia mlango wa pembeni: "Pole, kuna mtu." Mazungumzo haya hayana mahali ambapo yesi inaweza kumsimamisha mgeni njia nzima.

Anayetaka kulainisha zaidi huongeza "naomba" mbele, "kidogo" nyuma, na kama jambo ni zito hurudi katika wakati uliopita: "Nilikuwa naomba nikuulize kidogo." Haombi tena? Anaomba sasa hivi, amesimama hapo hapo, ila amelisogeza ombi mpaka jana ili lisimbane anayeombwa. Kiingereza kina hila hiyohiyo. Lile "wudi" lenyewe asili yake ni umbo la wakati uliopita. Lugha mbili zisizo na undugu zimegundua kwamba kilichopita hakimtishi mtu.

Tofauti kubwa iko kwenye mwanzo. Kwa Kiswahili adabu nyingi hutangulia ombi badala ya kukaa ndani yake. Mlangoni kuna hodi, na baada ya hodi ya tatu bila karibu mtu huondoka zake. Kwa mkubwa kuna shikamoo, na asiyeitoa anaweza kutumia "naomba" kumi asieleweke kuwa na adabu. Baada ya salamu, ombi lenyewe linaweza kuwa fupi kama "nipe chumvi" bila kumkwaza mtu. Mgeni anayefasiri "nipe chumvi" neno kwa neno huandika kwao kwamba Waswahili hawajui kuomba, kwa sababu aliiruka nusu ya kwanza ya ombi akidhani ni maongezi tu.

Shuleni mambo huzidi kuwa machungu. Katika sekondari za Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayetaka kwenda chooni hulifasiri "naweza kutoka" kuwa "kani ai gou aut". Hujibiwa kwa mzaha wa zamani: sijui, unaweza? Sahihi, anaambiwa, ni "mei ai". Mzaha huo hauna msingi imara. "Kani" asili yake katika Kiingereza cha kale ni kujua, na "mei" asili yake ni kuwa na nguvu. Yaani mtoto anakemewa kwa kuuliza kama anaweza, anaamriwa atumie neno ambalo zamani lilimaanisha kuweza. Katika shule moja ya upande huu mtoto wa kidato cha kwanza alirudishwa mara tatu arekebishe sentensi, na mara ya tatu hakuwa tena na haja ya kutoka. Darasa likacheka. Mwalimu akaandika kanuni ubaoni. Jina la yule mtoto halitajwi hapa, lakini mpaka leo "mei" haimtoki kinywani bila kuangalia chini.

Waliosoma huirudisha "naweza" nyumbani bila kuipima. Kijana mmoja aliyerudi likizo alimwambia mama mkwe, "Naweza kupata maji?" akajibiwa, "Mtungi huo hapo, mikono unayo."

Ndani ya haisi, bibi hakungoja sarufi. Alinyoosha mkono katikati ya siti, akaling'oa begi, akaligonga godoro la kiti mara mbili, akasema, "Kaa, baba." Mgeni akakaa, akashukuru kwa Kiswahili. Bibi akamgeukia abiria wa kuku na kunong'ona, kwa sauti ambayo gari zima lilisikia, kwamba huyu naye alipanda bila hata salamu.